Bei ya Lita Ndiyo Inayogawa Faida: Chama, Ushirika na Kampuni kwa Mfugaji Mdogo

Wafugaji wakikutana kujadili kama waanzishe chama cha kawaida, ushirika au kampuni, mazungumzo huelekea haraka kwenye ada ya usajili, kodi na nani atakuwa mwenyekiti. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini si yanayoamua nani atanufaika. Rai yangu ni kwamba, kwa watu wanaouza mazao yao kupitia biashara wanayoimiliki pamoja, faida huwa imekwisha kugawanywa kabla mhasibu hajaiita faida. Hugawanywa siku bei ya lita au ya kilo inapopangwa. Aina ya biashara mnayoisajili huamua kura ya kupanga bei hiyo ni ya nani, na madeni yakizidi, huamua nani ataumia na kwa kiasi gani.

Nitalieleza hili kwa mfano niliouunda wa wafugaji 12 wa Kinangop, nchini Kenya. Sheria nitakazozitaja ni za Kenya, ingawa mantiki yake haibadiliki sana ukivuka mpaka kwenda Tanzania au Uganda. Wafugaji hawa wamechoka na mabroka wanaokuja na pikipiki alfajiri na kuteremsha bei kila mvua inapozidi na maziwa yanapojaa. Wanataka tangi la kupozea, kibanda cha kuliweka na jenereta, vyote kwa Sh1,500,000. Wao wenyewe wanachanga Sh600,000, na benki itawakopesha Sh900,000.

Watatu kati yao tuwaangalie kwa karibu. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu. Ana ng'ombe mmoja tu, lakini ana akiba, naye anatoa Sh240,000, yaani asilimia 40 ya mchango wote. Kwa mwaka huleta lita 3,000. Wa pili ni mama mwenye ng'ombe watano wazuri. Anatoa Sh24,000 tu, asilimia 4 ya mchango, lakini huleta lita 24,000 kwa mwaka, na hiyo ni sehemu moja ya tano ya lita 120,000 wanazokusanya wote. Wa tatu ni kijana anayebeba mikebe ya majirani kwa bodaboda yake. Ametoa Sh12,000 na huleta lita 2,400, kwa hiyo yeye ni asilimia 2 kwa pesa na asilimia 2 kwa maziwa. Tuseme kila mmoja hulipwa Sh45 kwa lita mwezi hadi mwezi, na mwisho wa mwaka, baada ya gharama zote na malipo ya benki, zimebaki Sh495,000. Pesa hizi ni za nani?

Tuanze na chama cha kawaida, kwa sababu huko ndiko karibu wote huanzia. Watu wamekubaliana kwa mdomo, wana daftari, mweka hazina na akaunti ya benki au laini ya simu yenye jina la mmoja wao. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawajasajili chochote, sheria haiwatambui. Kumbe inawatambua vizuri sana. Watu wawili au zaidi wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida ni wabia, wawe wameandika mkataba au hawakuandika. Wakikosa kuandika namna ya kugawana, kanuni ya ubia huwagawia sawa kwa sawa. Zile Sh495,000 hupasuliwa mara 12 na kila mmoja hupata Sh41,250. Mwalimu aliyetoa karibu nusu ya mtaji hupata sawa na kijana aliyetoa Sh12,000, na mama aliyeleta maziwa mengi kuliko wote hupata sawa na mwalimu mwenye ng'ombe mmoja.

Mwaka wa kwanza hakuna anayelalamika. Wote wamefurahi kwamba jambo limefaulu. Ni mwaka wa pili au wa tatu ambapo mwalimu huanza kusema pesa zake ndizo zilizonunua tangi, na mama hugundua kwamba kwa lita zake zote anapata nyongeza ndogo kuliko jirani yake kwa kila lita. Wakati huo mama huanza kumuuzia broka maziwa ya jioni, kimyakimya. Ukitaka kujua kama chama kinaelekea kuvunjika, usisikilize maneno ya mkutanoni. Fungua daftari la mapokezi uangalie lita za jioni za wale wanaoleta mengi. Zikishuka huku ng'ombe wao wakiwa salama na malisho yapo, jua tayari wameona mgawanyo hauwafai.

Sasa tuseme wamesajili kampuni ya kibinafsi yenye hisa. Kila shilingi iliyochangwa imekuwa hisa, na gawio hufuata hisa. Mwalimu atapata asilimia 40, yaani Sh198,000. Mama atapata Sh19,800 na kijana Sh9,900. Mwenye hesabu za biashara ataona hili ni halali kabisa, na ni halali. Mtaji ulikuwa wa mwalimu, na tangi lingeungua kabla ya kulipiwa bima, pesa iliyopotea ingekuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Lakini hapa ndipo bei inapoingia. Fikiria wakurugenzi wa kampuni hiyo wameamua kushusha bei ya kununulia maziwa kutoka Sh45 hadi Sh43, wakisema soko limekuwa gumu. Shilingi mbili kwa lita 120,000 ni Sh240,000, ambazo hutoka kwenye malipo ya maziwa na kuingia kwenye faida. Mwalimu atapoteza Sh6,000 kwenye lita zake 3,000, lakini atapata Sh96,000 zaidi kwenye gawio. Mama atapoteza Sh48,000 kwenye maziwa na kurudishiwa Sh9,600 tu kwenye gawio. Kijana atapoteza Sh4,800 na kupata Sh4,800, hivyo kwake hakuna kilichobadilika. Mapato ya kampuni hayakuongezeka hata kwa senti moja, maziwa ni yaleyale na mnunuzi ni yuleyule, lakini mwalimu ametajirika kwa Sh90,000 na mama amepungukiwa Sh38,400.

Wala haihitaji mwalimu awe mtu mbaya. Mkurugenzi mwaminifu anaweza kuamini kwa dhati kwamba bei ya chini hujenga kampuni imara. Tatizo ni kwamba kila hoja ya namna hiyo inaelekea upande wenye masilahi yake, na anazo kura za kuisukuma. Katika kampuni, kura zikihesabiwa kwa hisa, azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu. Mwalimu ana asilimia 40 na anahitaji wenzake wenye asilimia 11 tu. Azimio maalumu, kama la kubadilisha katiba ya kampuni, huhitaji asilimia 75, na hilo mwalimu peke yake anaweza kulizuia. Mama mwenye ng'ombe watano ana asilimia 4 ya kura juu ya bei ya maziwa ambayo sehemu moja ya tano ni yake.

Katika ushirika hesabu hugeuka tangu siku ya kuchanga. Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, humpa kila mwanachama kura moja bila kujali hisa zake, na humkataza mwanachama mmoja kushika zaidi ya sehemu moja ya tano ya mtaji wa hisa. Kwa hiyo mwalimu hawezi kuweka Sh240,000 zote kama hisa. Wale wengine 11 wana hisa za Sh360,000, na ili mwalimu asipite moja ya tano ya jumla, hisa zake haziwezi kuzidi Sh90,000. Jumla ya hisa inakuwa Sh450,000. Zile Sh150,000 zilizobaki akitaka kuziingiza, anaukopesha ushirika kwa mkataba ulioandikwa, wenye riba na tarehe ya kulipwa. Tuseme riba ni asilimia 10 kwa mwaka, yaani Sh15,000.

Ziada basi ni Sh480,000. Kwanza hutengwa akiba ya chama, ambayo sheria huitaka na haigawiwi kwa mwanachama yeyote. Tuseme mkutano mkuu umekubali asilimia 20, hizo ni Sh96,000. Halafu hisa hulipwa gawio la kiasi, tuseme asilimia 8, ambalo ni Sh36,000. Zinabaki Sh348,000, na hizi hurudishwa kwa wanachama kulingana na lita walizoleta. Kila lita hupata Sh2.90. Mama atapata Sh69,600 kwa maziwa yake na Sh1,920 kwa hisa zake, jumla Sh71,520. Mwalimu atapata Sh8,700 kwa maziwa, Sh7,200 kwa hisa na Sh15,000 za riba, jumla Sh30,900. Kijana atapata Sh7,920.

Linganisha mama huyu katika hali zote tatu: Sh41,250 kwenye chama, Sh19,800 kwenye kampuni, Sh71,520 kwenye ushirika. Biashara ni ileile.

Na tukirudia jaribio la kushusha bei kwa shilingi mbili ndani ya ushirika, utaona kwa nini mjadala wa bei huko huwa mtulivu zaidi. Sh240,000 zitaingia kwenye ziada, asilimia 20 itakwenda kwenye akiba ya chama, na Sh1.60 kwa kila lita itarudi mwisho wa mwaka. Mama aliyekatwa Sh48,000 atarudishiwa Sh38,400. Sehemu iliyobaki amekiachia chama chake, na hakuna mwanachama mwenzake aliyeitia mfukoni. Bei ya chini ndani ya ushirika ni malipo yaliyocheleweshwa kwa sehemu kubwa. Ndani ya kampuni ni uhamisho wa pesa kutoka kwa mleta maziwa kwenda kwa mwenye hisa.

Hapo ndipo ninaposimama: watu wakileta mazao kwa viwango tofauti na pesa kidogo kidogo, ushirika huwatendea haki kuliko kampuni. Hata hivyo ni lazima nimtazame mwalimu usoni. Kwa Sh240,000 zake amepata Sh22,200 ukiacha malipo ya maziwa, kiasi cha asilimia tisa na ushee. Akiwa na sehemu nyingine ya kuweka pesa, ataondoka, na tangi halitanunuliwa. Ushirika una shida hii ya kudumu: unamheshimu mleta mazao kiasi kwamba mwenye mtaji haoni sababu ya kubaki. Zaidi ya hayo, hisa ya ushirika haikui. Miaka 20 baadaye chama kikiwa na ploti mjini na tangi tatu, mwanachama anayetoka hurudishiwa au huuza hisa zake kwa thamani iliyoandikwa, huku mwenye hisa za kampuni akiuza kwa bei ya mali yote iliyokusanyika. Ndiyo maana vyama vikongwe vyenye ardhi huwa na wanachama wazee wanaotaka mali igawanywe kabla hawajafa. Si ulafi mtupu. Wamejenga kitu ambacho hawawezi kuondoka nacho, na mwanachama aliyejiunga juzi anakikuta kikiwa tayari.

Kijana wa bodaboda naye hakuna aina iliyosajiliwa iliyomtendea vyema. Alichokileta ni kazi, na hakuna kati ya kampuni na ushirika kinacholipa kazi kupitia faida. Alipwe ujira wa usafirishaji kwa mkataba wake mwenyewe, kwa mkebe au kwa kilomita, na asiahidiwe kwamba jasho lake litahesabiwa mwisho wa mwaka. Chama cha kawaida ndicho pekee kilichompa kingi, na hicho ndicho kilichokuwa hatarini kuvunjika.

Majina peke yake hayatoshi kukuambia mambo yalivyo ndani. Chai ya wakulima wadogo wa Kenya hushughulikiwa na kampuni, wala si ushirika. Tangu KTDA, shirika linalosimamia chai hiyo, ibadilishwe mwaka 2000 kutoka mamlaka ya serikali, wakulima wana hisa katika kampuni za viwanda, na kampuni hizo ndizo zinazomiliki KTDA. Lakini mkulima wa chai akisubiri pesa za mwaka, anasubiri bonasi inayohesabiwa kwa kilo za majani aliyopeleka, pamoja na malipo ya kila mwezi. Kwa mfumo wa malipo hiyo ni tabia ya ushirika ndani ya koti la kampuni. Mpango huo hukaa sawa pale hisa zinapofuata majani, yaani mwenye shamba kubwa awe pia na hisa nyingi. Hisa zikirithiwa na watoto walioko mjini wasiovuna chai, masilahi yale mawili ya mwalimu na mama huanza kuvutana palepale. Kwa hiyo anayeletewa karatasi ya kujiunga na chochote aulize maswali mawili kabla ya kusaini: pesa za mwisho wa mwaka huhesabiwa kwa hisa au kwa kilo, na bei ya kila mwezi hupitishwa na nani?

Kura moja kwa kila mtu nayo ina mipaka ambayo wapenzi wa ushirika hawapendi kuisema. Kwa watu 12 ni nguvu ya kweli. Kwa watu 12,000 wanaowakilishwa na wajumbe wachache kutoka kila eneo, mwanachama wa kawaida yuko mbali na uamuzi karibu sawa na mwenye hisa mdogo wa kampuni kubwa. Kamati ya usimamizi huwa na taarifa zote, meneja hujua zaidi ya kamati, na mkutano mkuu hupokea vitabu siku ileile ya kupigia kura. Nionavyo mimi, alama za hatari ni za kawaida sana. Hesabu zilizokaguliwa husomwa kwa jumla tu bila jedwali la mishahara na posho. Kikomo cha madeni, ambacho mkutano mkuu unapaswa kukiweka, hupitishwa kwa kupigiwa makofi bila kiasi kutajwa. Kamati ya uangalizi huandika ripoti inayoshukuru kamati ya usimamizi kwa ushirikiano mwema. Na uzito wa maziwa kituoni hutofautiana na uzito wa nyumbani, siku zote upande mmoja. Lita 120,000 zikipungua kwa nusu ya asilimia kwenye mizani, hizo ni lita 600 ambazo hazitaonekana kwenye vitabu vyovyote vya ukaguzi.

Sasa tuje kwenye dhima, yaani mzigo wa madeni, ambako chama cha kawaida hugeuka kuwa mtego. Tuseme mwaka wa tatu kiwanda kilichokuwa kinanunua maziwa yao kimefunga bila kulipa. Benki bado inadai Sh700,000 na duka la agroveti lililowakopesha chakula cha ng'ombe linadai Sh300,000. Jumla ni milioni moja.

Wakiwa chama cha kawaida, deni hilo si la chama, kwa maana hakuna chama machoni pa mahakama. Ni la wale 12. Mwenye duka halazimiki kuwashtaki wote na kumdai kila mmoja kipande chake. Anaweza kumfuata yule mwenye mali inayoonekana, yaani mwalimu mwenye nyumba na pensheni, amdai Sh300,000 zote. Mwalimu akishalipa ana haki ya kuwadai wenzake fungu lao, lakini hiyo ni kazi yake mwenyewe, na kwa gharama zake. Kusajili jina la biashara hakubadilishi chochote hapa. Cheti kile cha ukutani husema tu ni nani wanaofanya biashara kwa jina hilo, na kwa kweli humrahisishia mdai kazi ya kuwapata. Tena kama mkopo ulichukuliwa kwa jina la mweka hazina peke yake, benki inamjua yeye tu. Na kama tangi lilinunuliwa kwa jina lake, naye akafariki, tangi huorodheshwa kwenye mirathi yake, na wenzake 11 watalazimika kuthibitisha mbele ya wanawe kwamba baba yao alikuwa amelishikilia kwa niaba.

Sisemi kila chama kijisajili. Kina mama 15 wanaochangiana Sh1,000 kwa wiki na kumpa mmoja wao zote hawana deni, hawana mali ya pamoja na hawamwajiri mtu, kwa hiyo hawana haja ya msajili. Mstari huvukwa siku tatu tofauti: siku ya kukopa kwa mara ya kwanza, siku ya kununua kitu chenye hati ya umiliki na siku ya kumwajiri mtu wa kwanza. Kabla ya siku hizo karatasi moja iliyosainiwa na wote inatosha, ikitaja kila mtu ametoa nini, faida itagawanywa vipi, anayetoka atalipwaje na nani ana ruhusa ya kukopa na mpaka kiasi gani. Karatasi hiyo haimzuii mdai wa nje, lakini inawazuia wenyewe kugombana juu ya kile walichokubaliana.

Kampuni hutenganisha. Ni mtu wake mwenyewe mbele ya sheria, na mwenye hisa aliyelipia hisa zake zote hawezi kudaiwa zaidi. Mwalimu angepoteza Sh240,000 zake na kubaki na nyumba. Hiyo ndiyo nadharia. Kwa vitendo, hakuna meneja wa benki atakayeikopesha kampuni changa ya wafugaji Sh900,000 kwa kuangalia cheti chake. Atawataka wakurugenzi wasaini dhamana binafsi, na pengine hati ya shamba iwekwe rehani. Aliyesaini amelirudisha deni nyumbani kwake kwa mkono wake mwenyewe. Ukuta wa kampuni umebaki kuwazuia wadai wasio na dhamana, kama lile duka la agroveti. Basi wakurugenzi watatu wakiombwa kusaini kwa niaba ya wenzao tisa, ni haki yao kudai mkataba wa pembeni unaosema wenzao watawafidia kwa kiasi gani.

Ushirika uliosajiliwa ni mtu kisheria vilevile, na dhima ya mwanachama ina kikomo. Wajumbe wa kamati ndio walio na mzigo wa ziada. Wakienda kinyume cha sheria, kanuni au maazimio ya mkutano mkuu na kuleta hasara, wanaweza kudaiwa wao binafsi, na Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika ana uwezo wa kuagiza aliyefuja mali alipe baada ya uchunguzi. Ni kinga nzuri kwenye karatasi, ingawa uchunguzi huja wakati pesa zimeshakwenda.

Lakini kuna hasara ambayo kikomo cha dhima hakiigusi, na ndiyo inayowaumiza wafugaji kuliko zote. Mama wetu ana hisa za Sh24,000. Huleta lita 2,000 kwa mwezi, kwa Sh45, yaani Sh90,000. Ushirika ukichelewa kulipa kwa miezi miwili kabla ya kuanguka, mama anadai Sh180,000 za maziwa ambayo watu wameshayanywa. Kisheria hajapoteza zaidi ya hisa zake. Kwa hali halisi amepoteza mara nane na nusu ya hapo, kwa sababu yeye ni mwenye mali na pia ni mdai, na kama mdai asiye na dhamana amesimama nyuma ya benki iliyoshika tangi. Wafugaji waliokuwa wakipeleka maziwa KCC katika miaka ya 1990 wanaijua hali hiyo vizuri. Walikaa wakidai malipo yaliyochelewa na kuchelewa, hadi shirika lilipouzwa mwaka 2000 na serikali kulirudisha mikononi mwake mwaka 2003.

Vyama vya akiba na mikopo viliuona upande huohuo wa mambo juzi. Uchunguzi wa kihasibu kuhusu KUSCCO, muungano wa vyama hivyo nchini Kenya, ulionyesha mwaka 2025 upotevu wa kiasi cha Sh13.3 bilioni. Vyama vilivyoumia zaidi viliumizwa na amana vilizoweka kule. Hisa zilikuwa sehemu ndogo ya hasara. Mwanachama huambiwa dhima yake inaishia kwenye hisa, naye hutulia, ilhali akiba yake yote iko upande wa pili wa kitabu hichohicho.

Kwa hiyo wale 12 wakiniuliza, jibu langu ni ushirika, kwa masharti manne yaandikwe kwenye kanuni zao ndogo. Malipo ya maziwa yasicheleweshwe zaidi ya mwezi mmoja bila mkutano maalumu kuitishwa. Akiba ya chama isiwe kwenye tangi na majengo peke yake, sehemu yake ikae benki, itoshe walau kulipa maziwa ya nusu mwezi. Mkopo wa mwalimu uwe na tarehe na uheshimiwe kama wa benki, ili mwenye pesa ajue atazipata. Na bei ya kununulia, pamoja na hesabu iliyoizaa, isomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu: kiwanda kimelipa kiasi gani kwa lita, usafiri umekula ngapi, umeme ngapi, mishahara ngapi, zimebaki ngapi.

Siku wakihitaji mtaji ambao wao wenyewe hawawezi kuuchanga, hawatalazimika kuuvunja ushirika ili wawe kampuni. Benki ya Ushirika ya Kenya ilionyesha njia nyingine mwaka 2008 ilipoingia kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Benki yenyewe iligeuka kampuni na kuuza hisa kwa umma, lakini hisa za vyama vya ushirika ziliwekwa pamoja ndani ya Co-opholdings, ambacho ni chama cha ushirika, chenye takriban asilimia 64.5 ya benki. Mwekezaji wa nje hupata gawio kwa hisa zake, na vyama hubaki na kura zilizo nyingi. Wafugaji wa Kinangop wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa udogo wao, ushirika ukimiliki zaidi ya nusu ya kampuni ya kusindika, na mwalimu pamoja na wenye pesa wengine wakimiliki iliyobaki. Hapo bei ya lita inayolipwa na kampuni kwa ushirika itakuwa mkataba kati ya pande mbili, ulioandikwa na kupigiwa kura na waleta maziwa kabla tangi jipya halijanunuliwa.